UZI: Kwa Wazungu sisi ni Mapacha na Nge, kwa Wahindi ni Ng'ombe na Mizani. Nani ana nyota zetu za kweli?

BintiTudor

Hamjambo wana-jukwaa. Nina jambo lanitatiza na nataka mtu aliyewahi kulishika kwa mikono yake anieleze polepole.

Mimi na mchumba wangu tuko mbioni kufunga ndoa. Mwenzangu ni Mhindi wa hapa hapa Mombasa, familia ya Kigujarati. Mimi si wa dini yao, lakini mama yake amenipokea vizuri, ila ameomba jambo moja tu: nyota zetu zipimwe. Sina ubishi na hilo. Kwetu pia wazee hupiga falaki kabla ya harusi.

Yeye kazaliwa tarehe 21 Mei 1993, saa kumi na moja jioni. Mimi ni 24 Oktoba 1995, saa nne asubuhi. Wote tumezaliwa Mombasa.

Sasa sikilizeni. Ukurasa wa nyota wa Kizungu unasema yeye ni Mapacha, mimi Nge, upepo na maji, hatupatani. Maharaji aliyepelekewa karatasi zetu akasema yeye ni Ng'ombe, mimi Mizani, tumepata 23.5 kati ya 36, ndoa iendelee. Nikafurahi. Juzi nikapakua apu ya Kihindi nikaingiza mwenyewe. Nayo ikasema Ng'ombe na Mizani, sawa na Maharaji, lakini alama 12.5, na maandishi mekundu juu: *Nadi Dosha*.

Watu ni wale wale, tarehe ni zile zile, na majibu ni matatu. Mama mkwe bado hajaiona hiyo apu. Nisaidieni kabla hajaiona.

KaptulaLikoni

Dada, mbona mwajisumbua. Mimi nimezaliwa tarehe 17 Mei. Kwa Wazungu ni Ng'ombe, na rafiki yangu Mhindi kanipigia hesabu yao akasema Ng'ombe pia. Hakuna tofauti yoyote kati ya Wahindi na Wazungu, hiyo ni apu mbovu. Na huyo mchumba wako, 21 Mei gazetini ni Ng'ombe, si Mapacha. Ukurasa wako umekosea kuanzia hapo.

MzeeKibokoni

Mwanangu BintiTudor, Mungu awajaalie heri. Wahindi ndio wenye haki katika jambo hili. Nyota za mbinguni zimehama tangu zama za Wagiriki, na Wazungu wameendelea kusoma kitabu kilichopitwa. Ukitazama mbinguni leo, jua la mwisho wa Mei haliko kwa Mapacha hata kidogo. Liko kwa Ng'ombe, pale penye Kilimia.

Lakini zaidi ya hayo, kwetu Pwani nyota ya mtu haitoki kwenye tarehe. Yatoka kwenye jina lake na jina la mamake, herufi zahesabiwa kwa abjadi, kisha watoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho nyota yake. Niletee majina manne nikupigie.

BintiTudor

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru, na nitakuja kwako kwa hilo. Lakini mama mkwe anataka hesabu ya kwao, na ninataka kujua kwa nini hesabu hiyo hiyo ya kwao imetoa 23.5 mara moja na 12.5 mara nyingine.

NyotaZaBondeni

Dada BintiTudor, babu yangu alikuwa akiwasomea watu panchangi, kalenda ya nyota ya Kihindi, dukani Bondeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia hesabu. Una maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na ukiyafungua kila moja lina jibu lake. La kwanza ni kwa nini Mapacha na Nge wamegeuka Ng'ombe na Mizani. La pili ni kwa nini 23.5 na 12.5. Watu wengi huchanganya haya wakadhani la kwanza ndilo lililoleta la pili. Halihusiki hata kidogo.

Naanza na la kwanza. Duara la nyota ni digrii 360, limekatwa vipande 12 vya digrii 30 kila kimoja. Hapo Wazungu na Wahindi wanakubaliana. Wanachotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Wazungu wanaanzia pale jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, tarehe 20 au 21 Machi. Hapo ndipo penye sifuri ya Punda, haidhuru nyuma ya jua kuna nyota gani. Ni hesabu ya majira ya mwaka. Klaudio Ptolemaio wa Iskandaria, karne ya 2, aliichagua hivyo akijua anachofanya, maana Hipparko alikuwa ameshagundua karibu miaka 300 kabla yake kwamba nukta hiyo inasogea mbele ya nyota. Kwa hiyo mzee wangu MzeeKibokoni, kwa heshima zote, kusema kitabu cha Wazungu kimepitwa si sawa sana. Ile hesabu haikuahidi kufuata nyota. Inafuata jua na majira, na ikwinoksi ya Machi iko pale pale.

Wahindi wanaanzia kwenye nyota zenyewe. Hesabu inayotumika zaidi ni ya Lahiri, na ndiyo iliyopitishwa na kamati ya kurekebisha kalenda ya India iliyotoa ripoti yake 1955 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Inashika nyota moja angavu, Chitra, inaiweka digrii 180 kamili, na kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo.

Nukta ya Machi inarudi nyuma digrii moja kila miaka 72 hivi. Hesabu hizi mbili zililingana karibu mwaka 285. Tangu hapo zimeachana, na ulipozaliwa wewe pengo lilikuwa digrii 23 na dakika 48. Basi chukua jua la mchumba wako. Kwa Kizungu lilikuwa nusu digrii tu ndani ya Mapacha. Toa pengo, unarudi Ng'ombe, digrii ya 7. Jua lako lilikuwa chini ya nusu digrii ndani ya Nge. Toa pengo, unarudi Mizani, digrii ya 7. Mbingu ni ile ile.

KaptulaLikoni, ndugu yangu, wewe umebaki Ng'ombe kwa sababu 17 Mei jua liko karibu digrii ya 26 ya Ng'ombe kwa hesabu ya Kizungu. Ukitoa 24 unabaki na 2, bado uko ndani. Waliozaliwa katika siku sita hivi za mwisho za kila nyota hawahami. Waliobaki, yaani wengi, huhamia nyota ya nyuma. Na kuhusu gazeti: tarehe 21 Mei 1993 jua liliingia Mapacha mnamo saa kumi alfajiri kwa saa za Mombasa. Aliyezaliwa usiku wa manane siku hiyo ni Ng'ombe kweli. Huyu kazaliwa jioni. Gazeti haliwezi kujua hayo, maana siku ya kuvuka hubadilika mwaka hadi mwaka.

MzeeKibokoni

Nimekusoma mwanangu, na umeeleza kwa adabu. Lakini nikuulize. Kilimia sisi twakijua kwa macho. Wakulima na wavuvi wa pwani hii walikitazama tangu zamani, ndio wakasema *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua*. Mwezi wa Mei hakionekani kwa kuwa jua limekaa nacho. Na Kilimia kimo mwilini mwa Ng'ombe, kila mtu aijuaye mbingu anajua hivyo. Mtu aliyezaliwa jua likiwa juu ya Kilimia, nimwitaje Mapacha?

NyotaZaBondeni

Mzee wangu, hapo umegusa penyewe, na mfano huu ni wa huyu kijana hasa. Tarehe 21 Mei 1993 jua lilikuwa karibu kabisa na Kilimia, chini ya digrii moja mbele yake ukipima kwa urefu wa njia ya jua. Kwa mtu anayetazama nyota, huyo ni Ng'ombe bila shaka. Kwa Mzungu, Kilimia chenyewe siku hizi kiko kwenye mpaka wa Ng'ombe na Mapacha, kwa sababu vipande vyake vimeteleza vikaacha nyota zilizovipa majina. Anajua hivyo na anakubali. Neno Mapacha kwake ni jina la theluthi ya tatu ya msimu wa Machi hadi Juni, basi.

Na kwa Wahindi Kilimia ni moja ya nakshatra 27, yaani vipande 27 vya njia ya mwezi, inaitwa Kritika. Mwezi wa kijana huyu nao ulikuwa hapo hapo, maana siku ile mwezi ulikuwa mwandamo, umekutana na jua. Shikeni hilo la mwezi, maana ndilo linalotuingiza kwenye swali la pili.

MamaKisauni

Mie nauliza tu. Kama nyota zimehama, basi zile sifa zimehama nazo? Mume wangu ni Simba na ana hasira za Simba. Mkiniambia ni Kaa, hizo hasira zatoka wapi?

NyotaZaBondeni

Mama yangu, Simba wa Kizungu na Simba wa Kihindi hawana sifa zile zile moja kwa moja. Kila upande umejenga maelezo yake kwa karne nyingi juu ya vipande vyake wenyewe. Tena mtaalamu wa Kihindi ukimuuliza nyota ya mtu hakutajii ya jua, anakutajia ya mwezi. Kwa hiyo mumeo huenda si Kaa wala Simba huko. Bila tarehe na saa siwezi kusema.

KaptulaLikoni

Haya, nimeelewa hilo la siku sita. Lakini basi kupatana kwao kumebadilika au hakukubadilika? Mapacha na Nge hawapatani, Ng'ombe na Mizani je?

NyotaZaBondeni

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, ndugu yangu.

Pima umbali kati ya jua la kijana na jua la binti. Kwa Kizungu ni digrii 150, ikipungua kidogo sana. Kwa Kihindi ni digrii 150 hizo hizo. Umetoa 24 huku na 24 kule. Ni kama magari mawili ndani ya feri ya Likoni: feri yaenda Likoni au yarudi kisiwani, umbali kati ya magari haubadiliki. Kwa hiyo Mzungu mjuzi, asiyesoma gazeti, anayepima pembe kati ya sayari za mume na za mke, atapata pembe zile zile akitumia hesabu yoyote kati ya hizi mbili. Hata ukihesabu nyota kama vituo kwa Kihindi, ukianza na ile unayotoka, kutoka Ng'ombe hadi Mizani ni sita, na kutoka Mapacha hadi Nge ni sita vile vile. Hesabu hii ya vituo huvurugika tu pale mmoja wa wapenzi yuko kwenye zile siku sita za mwisho kama wewe, akabaki, na mwenzake akahama.

Kinachobadilika ni lebo. Mapacha ni upepo, bwana wake ni Utaridi. Nge ni maji, bwana wake Mirihi. Ukurasa wa BintiTudor umesoma lebo hizo ukasema hawapatani. Ng'ombe na Mizani wote wawili bwana wao ni Zuhura, na Mhindi anaona nyumba moja. Hapo ndipo wapenzi hawa wanapogeuka kutoka maadui kuwa ndugu bila kitu chochote kusogea mbinguni. Anayeshikilia lebo peke yake ataona ugomvi mkubwa kati ya mila mbili. Anayeshikilia pembe hataona ugomvi.

MsomiGanjoni

Naheshimu mjadala, lakini niweke jambo moja mezani. Mwaka 2007 mtafiti David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alichukua takwimu za sensa ya 2001 ya Uingereza na Wales, watu kama milioni 20 walio kwenye ndoa, akatazama kama nyota fulani huoana na nyota fulani zaidi ya inavyotarajiwa. Hakupata kitu. Kama kungekuwa na mvuto mdogo tu wa nyota, kwa idadi ile ungeonekana. Dada BintiTudor, mpende mwenzako.

NyotaZaBondeni

Utafiti huo naujua na ni mzuri. Umepima nyota za jua, na kwa nyota za jua mimi sina la kubisha. Haukugusa mwezi wala nakshatra, kwa hiyo hesabu ya Maharaji haikupimwa pale. Sisemi basi imethibitishwa. Nasema kila kitu kibaki mahali pake. Na dada hakuuliza kama ampende, ameuliza karatasi zinasema nini, kwa kuwa mama mkwe ataziuliza.

MsomiGanjoni

Kisichopimwa si lazima kiwe sahihi. Lakini sawa, endelea.

NyotaZaBondeni

Naendelea na alama.

Hesabu ya 36 haitumii jua kabisa. Yote imejengwa juu ya mwezi: uko nyota gani na nakshatra gani. Vipimo viko vinane, kidogo kabisa kina alama 1 na kikubwa, Nadi, kina alama 8. Familia nyingi hutaka angalau 18.

Jua huchukua mwezi mzima kupita nyota moja. Mwezi unapita nyota nzima kwa siku mbili na kitu, na nakshatra moja kwa siku moja hivi. Ndiyo maana saa ya kuzaliwa kwa Wahindi ni kila kitu. Na sasa dada, nakuuliza jambo moja kabla sijaandika zaidi. Karatasi aliyopelekewa Maharaji iliandikwaje saa yako? Na wewe kwenye apu uliingiza nini?

BintiTudor

Nimempigia mchumba wangu simu sasa hivi. Mimi nilimwambia "saa nne asubuhi" kama nilivyoandika hapa. Yeye akaandika kwenye karatasi 4:00 AM. Kwenye apu mimi niliweka 10:00 AM.

MamaKisauni

Eeh! Saa sita zimepotea hapo.

NyotaZaBondeni

Hapo hapo mama yangu. Nilidhani hivyo tangu nilipoona zile alama mbili, kwa sababu tofauti ya 11 haiwezi kuletwa na apu kuwa mbovu. Lazima nakshatra ya mtu mmoja iwe imebadilika.

Tazama siku yenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1995 ndiyo siku jua lilipopatwa kabisa huko India, siku moja baada ya Diwali. Mwezi na jua vilikutana saa moja na nusu asubuhi kwa saa zetu. Hilo linanipa mahali mwezi ulipokuwa bila kubahatisha: digrii ya 7 ya Mizani kwa hesabu ya Lahiri, karibu kugusa mpaka wa nakshatra mbili, Chitra na Swati. Mpaka huo mwezi uliuvuka kabla ya saa mbili asubuhi.

Saa kumi alfajiri mwezi bado ulikuwa Chitra. Saa nne asubuhi umeshaingia Swati, kama digrii tatu na nusu mbele ya pale ulipokuwa alfajiri. Kwa zote mbili wewe ni Mizani, ndiyo maana Maharaji na apu wamekubaliana kwenye jina la nyota, na kila mtu akadhani tatizo liko kwingine.

Sasa mpambanishe na kijana wa Kritika. Nadi ziko tatu, na wapenzi wakiwa wa nadi moja hupata sifuri kati ya nane. Kritika na Swati ni za nadi moja, Antya. Chitra ni ya nadi nyingine, Madhya. Basi kwa 4:00 mlipata nane nzima, kwa 10:00 mkapata sifuri na maandishi mekundu. Gana nayo ina alama sita. Kritika na Chitra zote ni Rakshasa, mkapata sita. Swati ni Deva, mkapata moja, na majedwali mengine hutoa sifuri. Ni kipimo cha Yoni peke yake kilichokuwa bora zaidi kwa Swati, 3 badala ya 1. Vipimo vingine vyote vimebaki vile vile. Umepoteza 8, umepoteza 5, umepata 2. Hizo ndizo 11 zako.

KaptulaLikoni

Kwa hiyo apu ndiyo sahihi na Maharaji ndiye aliyekosea?

NyotaZaBondeni

Maharaji amehesabu sawasawa kile alichopewa. Apu nayo imehesabu sawasawa. Kilichotofautiana ni saa iliyoingizwa.

BintiTudor

Moyo unanienda mbio. Yaani ile 23.5 haikuwa yangu. Lakini je, haiwezekani kwamba mimi ndiye niliyezaliwa saa kumi alfajiri kweli? Kadi yangu ya kliniki imeandikwa "4.00" tu, wino umefifia, hakuna AM wala PM.

MamaKisauni

Muulize mamako mwanangu, lakini usimuulize "saa ngapi". Muulize kama taa zilikuwa zimewashwa. Muulize kama adhana ya alfajiri ilikuwa imeshatoka, kama chai ilikuwa imeshaletwa wodini. Mie wanangu wote nakumbuka hivyo, saa yenyewe siikumbuki.

NyotaZaBondeni

Mama Kisauni amesema maneno ya maana kuliko yangu yote. Babu alikuwa akiuliza hivyo hivyo. Wauguzi wengi huandika kwa saa za Kizungu, kwa hiyo "4.00" ya kadi yaweza kuwa alfajiri kweli. Mama mzazi husema kwa saa za Kiswahili, kwa hiyo "saa nne" yake ni kumi. Ushahidi huu wa pande mbili unapingana na lazima upatikane wa tatu.

Tena kuna njia ya kujipima kwa Kizungu pia, ingawa haithibitishi kitu. Mwezi wako kwa hesabu ya Wazungu uliingia Nge kama saa moja asubuhi siku ile. Ukizaliwa alfajiri mwezi wako wa Kizungu ni Mizani, ukizaliwa saa nne ni Nge. Yaani saa sita hizi zimekugeuzia kitu kwenye mila zote mbili, ila kwa Wazungu hakuna aliyekuuliza saa, ndiyo maana hukuona.

MzeeKibokoni

Na ile ayanamsa nyingine, yaani hesabu nyingine ya pengo, je? Nasikia si Wahindi wote wanaotumia Lahiri.

NyotaZaBondeni

Ni kweli mzee wangu. Iko ya Raman, ambayo pengo lake ni dogo kwa karibu digrii moja na nusu. Nimejaribu. Kijana anabaki Kritika. Binti kwa alfajiri anabaki Chitra, na kwa saa nne anabaki Swati. Kwa hiyo kwa wawili hawa ubishi huo hauna athari. Angezaliwa saa kumi na mbili asubuhi ndipo ungekuwa na athari, maana saa hiyo Lahiri inasema Chitra na Raman inasema Swati. Dada, kwenye apu yako fungua mipangilio uhakikishe imeandikwa `Sidereal` na `Lahiri`, kisha tazama digrii ya mwezi, usitazame jina la nyota peke yake.

BintiTudor

Nimetazama, ni `Lahiri`. Na nimezungumza na mama. Amesema taa za wodi zilikuwa zimezimwa, na shangazi yangu alikuwa ameshatoka sokoni Kongowea akamkuta nimeshazaliwa "muda si mrefu". Shangazi hatoki sokoni alfajiri. Naona ni saa nne ya Kiswahili.

NyotaZaBondeni

Basi ni Swati, na alama ni kama 12.5. Lakini usikate tamaa mapema, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo apu haiyasemi.

Kwanza, Bhakut, alama 7. Mmepata sifuri kwenye hesabu zote mbili, ya Maharaji na ya apu, kwa ajili ya ule umbali wa vituo sita. Wasomaji wengi wa Kihindi hufuta kasoro hiyo iwapo nyota mbili zina bwana mmoja, na Ng'ombe na Mizani wote ni wa Zuhura. Akikufutia, mnafika 19.5. Wengine wanakataa kuongeza alama na wanasema kasoro imepungua makali tu. Babu alikuwa wa kundi la kwanza. Mjomba wangu ni wa kundi la pili, na hawakuwahi kukubaliana.

Pili, Nadi. Hapa sitakudanganya. Kuna masharti ya kuifuta, na linalotajwa zaidi linahusu wapenzi wa nakshatra moja au wa nyota moja yenye nakshatra mbili. Nyinyi hamumo. Wako wanaoendelea kutazama sayari nyingine kwenye chati nzima kabla ya kusema hapana, na wako wanaosimama hapo hapo kwenye sifuri.

KaptulaLikoni

Mimi ningenyamaza. Mama mkwe keshapewa 23.5, harusi iendelee.

MamaKisauni

Hapana. Siku moja atajua saa ya kweli, na hapo itakuwa kesi ya uongo, si ya nyota. Mwanangu, mwache mchumba wako ndiye amwambie mamake, si wewe. Aseme karatasi aliiandika yeye.

MsomiGanjoni

Hapo nakubaliana na Mama Kisauni mia kwa mia.

BintiTudor

Amekubali kumwambia mwenyewe, Jumapili baada ya chakula. Ataomba warudi wote kwa Maharaji wakiwa na saa sahihi. NyotaZaBondeni, kaka yangu, nisaidie la mwisho: amwombe Maharaji atazame nini hasa, ili asirudishiwe namba tupu?

NyotaZaBondeni

Aandike hivi kwenye karatasi: Mombasa, 24 Oktoba 1995, 10:00 asubuhi kwa saa ya tarakimu, na chini yake kwa maneno, "saa nne za Kiswahili, jua limeshapanda". Ya kwake aandike 17:00. Kisha amuulize Maharaji mambo mawili: kama anaifuta Bhakut kwa ajili ya bwana mmoja, na kama kwenye Nadi anaishia kwenye jedwali au anafungua chati nzima. Amuulize mbele ya mama, ili mama asikie sababu pamoja na alama.

MzeeKibokoni

Na majina manne nayangoja, binti.